Anapigiza kichwa kitandani kila usiku: kisa cha mtoto wa miezi 18

Mtoto ni wa kiume, ana miezi 18. Kila usiku akishawekwa kitandani hujiinua kwa viganja na magoti, akaanza kujisukuma mbele na nyuma, na baada ya dakika chache paji la uso linaanza kugonga ubao wa kichwani. Mlio unasikika hadi sebuleni. Halii. Wakati mwingine anaguna kwa sauti ya chini inayofuata mdundo uleule. Akitulia dakika mbili tatu, wazazi wakidhani ameshalala, anaanza upya. Mambo huendelea hivyo kwa zaidi ya saa nzima kabla usingizi haujamchukua.

Wazazi wamefika kliniki na maswali mawili: je, hiki ni kifafa, na je, anaumiza ubongo wake? La tatu mama alilitoa wakati wa kuondoka, akiwa ameshika kitasa cha mlango: je, ni usonji? Kisa chenyewe tumekiunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa watoto wengi wa namna hii, si historia ya mtoto mmoja.

Anayewapokea wazazi kama hawa hana budi kuanza na mwanzo wa tabia yenyewe, kwa sababu mara nyingi nusu ya jibu imo humo. Mtoto huyu alianza kujitikisa akiwa na miezi 8, muda mfupi baada ya kujua kusimama kwa viganja na magoti. Kugonga kichwa kuliongezeka alipofika miezi 11. Mpangilio huo ndio wa kawaida kabisa. Kuyumbisha mwili huwa kunajitokeza karibu na miezi 6, na kugonga kichwa hufuata karibu na miezi 9. Vitabu vya tiba ya usingizi vinataja kwamba katika umri wa miezi 9, asilimia 59 ya watoto wana angalau namna moja ya miondoko hii, iwe ni kujitikisa, kugonga kichwa au kugeuza kichwa huku na huku juu ya godoro. Kwenye miezi 18 wamebaki asilimia 33, na kwenye miaka 5 asilimia 5 tu. Kwa hiyo mtoto huyu yumo katika kundi kubwa, na yumo katika umri unaotarajiwa. Jambo hili si geni kwa madaktari pia: Julius Zappert, daktari wa watoto wa Vienna, alilieleza mwaka 1905.

Mtoto anapokuwa macho lakini amechoka, mdundo humsaidia kuvuka kuingia usingizini. Kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio hupokea mwendo huo wa kwenda na kurudi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwendo huo humtuliza, vilevile kama anavyotulia akibembelezwa mgongoni. Tofauti ni kwamba hapa anajibembeleza mwenyewe. Ndiyo maana halii wakati anagonga, na ndiyo maana anakasirika akizuiwa.

Video tatu na kidole kimoja

Wazazi walikuwa wameambiwa wakati wa kupanga miadi warekodi kwa simu. Hili ni la lazima, kwa kuwa mtoto hatagonga kichwa mbele ya daktari saa 4 asubuhi. Video inayofaa ni ya dakika mbili hivi, yenye mwanga wa kutosha kuona uso na mikono, na isiyokatwa katikati. Dakika ya kwanza mzazi anakaa kimya asionekane. Dakika ya pili anaita jina la mtoto kwa sauti ya kawaida, asipoitika anamgusa bega kwa kidole, kisha anaendelea kurekodi ili aone mtoto anafanya nini baada ya hapo.

Katika video ya kwanza mtoto anagonga mara 11 ndani ya sekunde 10. Mwendo wa kawaida wa miondoko hii ni kati ya pigo moja kwa sekunde mbili na mapigo mawili kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 10 tunategemea kati ya 5 na 20. Mdundo ni wa sawasawa, kichwa na mwili mzima vinakwenda pamoja, pande mbili za mwili zinafanya kazi kwa usawa. Baba anaita. Mtoto anasimama, anageuza kichwa kuelekea sauti, anatazama, kisha anarudi kugonga. Kwa daktari anayetafuta kifafa, sekunde hizo tatu zina thamani kuliko maelezo ya nusu saa: degedege la kifafa halisimami kwa sababu baba ameita, halafu likaendelea mtoto akiamua.

Video ya tatu ndiyo iliyowatia wazazi wasiwasi. Ilichukuliwa usiku wa manane, mtoto anajitikisa polepole macho yakiwa yamefumba, na alipoitwa hakuitika. Hapa wengi hukosea, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya. Miondoko hii haitokei wakati wa kusinzia peke yake. Inaweza kuendelea ndani ya usingizi mwepesi, na hurudi mtoto anapoamka kidogo katikati ya usiku na kutafuta njia ya kulala tena. Akiwa tayari yumo usingizini, kutoitika jina lake si ajabu. Swali linalobaki ni nini kinatokea akiguswa. Katika video hii baba alimgusa bega, mtoto akaacha, akafumbua macho, akamtambua, akalala chali. Hakukakamaa, rangi ya midomo haikubadilika, na hakuonekana kama mtu aliyechanganyikiwa.

Yangeonekana mambo mengine, mwelekeo ungebadilika. Tungempeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu kama miondoko ingekuwa ya upande mmoja wa mwili, kama mkono ungekakamaa au macho yangevutwa upande na kubaki hapo, kama ingeanza ghafla kutoka usingizi mzito mara nyingi kwa usiku mmoja na kila mara kwa sura ileile kabisa, au kama mtoto angebaki amelegea na asiyetambua watu baada ya kuacha. Kwa kichanga chini ya mwaka mmoja kuna hatari moja inayostahili kutajwa peke yake. Ikiwa kichwa na mikono vinakunjamana kwa ghafla kwa sekunde moja au mbili, vinaachia, kisha vinakunjamana tena, mfululizo, hasa mara tu baada ya kuamka, huko si kujibembeleza. Ni aina ya kifafa cha watoto wachanga kinachoharibu ukuaji wa ubongo kisipotibiwa mapema, na mtoto huyo aonwe siku hiyohiyo pamoja na video yake.

Kwa mtoto wetu, kipimo cha umeme wa ubongo hakikuombwa, wala picha ya kichwa. Vyote viwili visingebadilisha chochote katika uamuzi.

Je, ubongo unaumia?

Katika paji la uso, sentimita moja chini ya mstari wa nywele, ana sehemu yenye ukubwa wa kidole gumba ambayo ngozi yake ni nene kidogo na nyekundu. Nywele za mbele zimepungua. Hakuna nundu, hakuna kidonda, na akibonyezwa hajivuti. Hiyo ndiyo alama inayotarajiwa: sugu ndogo, kama iliyopo kwenye kidole kinachoshika kalamu.

Kinachomlinda ni kwamba pigo linatoka kwenye mwili wake mwenyewe. Amepiga magoti, kichwa kinasafiri sentimita chache tu, kwa mwendo anaoudhibiti, na paji ni sehemu imara ya fuvu. Likiuma anapunguza nguvu au anasogea. Hilo ni tofauti kabisa na kuanguka kutoka juu au kutikiswa na mtu mzima, ambako kichwa hupata nguvu isiyo yake na mtoto hana njia ya kuizuia. Mlio mkubwa huwadanganya wazazi: ubao mwembamba ulioshikwa na bolti zilizolegea hupiga kelele nyingi kwa pigo dogo. Kwa mtoto mwenye ukuaji wa kawaida, majeraha makubwa yanayotokana na tabia hii ni nadra sana.

Bado kuna mipaka. Ngozi ikichanika, uvimbe ukiongezeka usiku hadi usiku, au mapigo yakilenga jicho, hali si ya kungoja tena. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, au anayetumia dawa inayozuia damu kuganda, hahesabiwi katika kundi hili la watoto wasio na wasiwasi hata kama anagonga taratibu; daktari wake aambiwe mara moja. Na mtoto yeyote aliyepigiza kichwa kisha akatapika mara kwa mara, au akawa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali usiku huohuo bila kujali sababu iliyozoeleka.

Kuhusu usonji, mama alipewa jibu la moja kwa moja. Kugonga kichwa wakati wa kulala pekee si dalili yake. Kinachoangaliwa ni mchana. Mtoto huyu anaonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, kisha anageuka kumtazama mama kama naye amekiona. Anaitika jina lake, ana maneno kadhaa, anaiga mama akiongea na simu. Kama angekuwa anagonga kichwa mchana pia, akiwa hana usingizi wala hasira, kwa muda mrefu na ni vigumu kumtoa, kama angekuwa amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au kama asingeonyesha kwa kidole wala kutafuta macho ya watu, angefanyiwa tathmini ya ukuaji, na kugonga kichwa kungekuwa jambo dogo ndani ya jambo kubwa zaidi. Watoto wenye ulemavu wa akili au wasioona vizuri hubaki na tabia hii muda mrefu zaidi na kwa nguvu zaidi, kwa hiyo macho yake nayo yalichunguzwa.

Masikio yalimulikwa, yakawa safi. Maumivu ya sikio au jino yanaweza kumfanya mtoto apige kichwa, lakini hapo huanza ghafla ndani ya siku chache, na huambatana na kilio, homa au kuvuta sikio. Wazazi waliulizwa pia kama anakoroma au anakatiza pumzi akiwa usingizini, na kama miguu haitulii usiku. Kote jibu lilikuwa hapana. Kungekuwa na miguu isiyotulia, tungepima akiba ya madini ya chuma kwenye damu.

Saa ndiyo iliyokuwa tatizo

Mpaka hapo mtoto ameonekana mzima, na tabia yake haina madhara. Wazazi wengi huishia hapo, wakaambiwa ataacha mwenyewe, na kweli ataacha. Lakini kugonga kwa zaidi ya saa nzima kila usiku si kawaida hata kwa mtoto mzima wa afya. Kipindi kimoja mara nyingi hakifiki dakika 15. Vinapofuatana hivi, cha kuuliza si kwa nini anagonga, bali kwa nini yuko macho kitandani muda wote huo.

Wazazi walipewa daftari la usingizi la siku 7. Kila siku nyakati hizi ziliandikwa: alipowekwa kitandani, alipolala kwa kukisia, alipoamka asubuhi, na mwanzo na mwisho wa kila usingizi wa mchana. Daftari liliporudi, siku zilifanana. Aliamka saa 12:30 asubuhi. Alilala tena kuanzia saa 4:00 hadi 4:45 asubuhi, kisha kuanzia saa 9:00 hadi 10:15 alasiri. Saa 1:00 usiku aliwekwa kitandani. Usingizi ulimchukua saa 2:15.

Hesabu inajieleza. Usiku alilala saa 10 na dakika 15, mchana saa 2, jumla saa 12 na dakika 15. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ni saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na za mchana. Hakuwa na upungufu wa usingizi hata kidogo. Alikuwa akiwekwa kitandani chini ya saa 3 tangu aamke usingizi wa alasiri, mwili haujawa tayari, na dakika 75 za kungoja usingizi gizani alizijaza kwa kitu pekee anachojua kufanya humo.

Kilichozidisha ni ushauri waliopewa na jamaa: mtoto anagonga kwa sababu amechoka mno, mlazeni mapema. Wakarudisha saa ya kulala kutoka saa 1:30 hadi 1:00, na kugonga kukaongezeka nusu saa. Hilo tunaliona mara kwa mara, na linaeleweka, kwa sababu mtoto anayegonga kichwa huonekana kama mtu aliyechoka kupita kiasi. Lakini kabla ya kusogeza saa mbele au nyuma, daftari liandikwe kwanza.

Marekebisho yalikuwa mawili, yakifuatana. La kwanza, usingizi wa mchana ukaunganishwa kuwa mmoja. Kati ya miezi 13 na 18 watoto wengi huacha usingizi wa asubuhi, na huyu alikuwa amefika. Ule wa asubuhi ulisogezwa mbele kwa dakika 30 kila siku mbili au tatu, ule wa alasiri ukafutwa, hadi ukabaki mmoja wa saa 6:30 hadi 8:30 mchana. Siku nne za kwanza alikuwa mkali kuanzia saa 11 jioni, na wazazi walionywa mapema wasirudi nyuma kwa sababu hiyo.

La pili, aliwekwa kitandani saa 2:15 usiku, yaani saa ileile ambayo mwili wake ulikuwa ukilala kweli, huku saa ya kuamka asubuhi ikibaki palepale. Kabla ya hapo alikaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, bila simu wala televisheni. Kila akilala ndani ya dakika 20 kwa usiku 3 mfululizo, saa ya kulala ilirudishwa nyuma kwa dakika 15. Ikirudishwa na dakika za kungoja zikazidi 20, wanarudi hatua moja. Alituama kwenye saa 1:45: analala saa 2:00, anaamka saa 12:15 asubuhi. Saa zake za usingizi kwa siku hazikuongezeka wala kupungua. Kilichoondoka ni muda wa kukaa macho kitandani.

Kitanda, na mambo yasiyofanywa

Kitanda kilishughulikiwa siku ya kwanza. Mtikisiko wa kila usiku hulegeza bolti, na kitanda cha mtoto kikiachana kwenye pembe, kiwiliwili kinaweza kupenya na shingo ikabaki. Baba alizikaza zote, akapewa jukumu la kuzikagua kila wiki kwa kushika fito na kutikisa. Chini ya miguu ya kitanda viliwekwa vipande vya mpira, mlio ukapungua zaidi ya nusu, na pamoja na mlio hofu ya wazazi pia. Kwa mtoto anayelala kwenye kitanda kisicho na fito, godoro huwekwa sakafuni, mbali na ukuta na pembe za makabati.

Mto ambao mama aliufunga kwenye ubao wa kichwani uliondolewa. Mito na matandiko laini ya pembeni humletea mtoto mdogo hatari ya kuziba pumzi au kunaswa na kamba, hatari kubwa kuliko kugonga kwenyewe, na mara nyingi hayafanyi kazi: mtoto anahamia upande usio na mto, kwa kuwa anatafuta sehemu ngumu. Kofia ya kinga haivaliwi usingizini. Dawa za mafua zinazosinzisha hazipewi mtoto kwa ajili hii, na chini ya miaka 2 ni hatari.

Kilichowapa wazazi taabu zaidi ni kutoingia chumbani. Kwa miezi kadhaa, kila alipogonga, mmoja wao alikimbia, akamwinua, akambeba. Mtoto mwerevu hujifunza haraka kwamba mlio fulani unaita watu. Walikubaliana kwamba watamchungulia mlangoni bila kusema, na wataingia akilia tu, akiita, au mlio ukibadilika. Muda wa kubebwa na kubembelezwa ukahamishiwa kabla ya kitanda: dakika 15 kwenye kiti cha kubembea pamoja na mama.

Baada ya wiki 4 daftari lilionyesha kipindi kimoja cha kugonga kila usiku, cha dakika 5 hadi 8, na usiku mmoja mmoja bila hata kimoja. Hakijaisha, na haikuahidiwa kwamba kitaisha. Wazazi wametahadharishwa kwamba kitaongezeka akipata mafua, akisafiri, au ratiba ya mchana ikivurugika, na ikitokea hivyo cha kwanza ni kuangalia amelala mchana saa ngapi. Waliambiwa warudi kabla ya miadi ikiwa kugonga kutaanza kutokea mchana, ikiwa ataanza kuamka asubuhi akiwa mchovu na mzito licha ya kulala saa za kutosha, au ngozi ya paji ikichanika. Vinginevyo ataangaliwa tena akifikisha miaka 2 na nusu, na kama bado anagonga kila usiku akiwa na miaka 5, atapelekwa kwa daktari wa usingizi, ambapo kurekodiwa usiku mzima kwa vipimo kutakuwa na maana ambayo leo hakuna.